Mashine Ilipoanza Kugonga

Mlio ulianza siku ya kawaida tu, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeshapanga vyombo ndani ya mashine, nimefunga mlango, nimebonyeza kitufe na kukaa kwenye stuli ya jikoni nipumzishe miguu. Maji yaliingia, mashine ikavuma kama ilivyozoea, halafu ukaja ule mlio: ko, ko, ko, ko, bila kuruka hata mara moja, kama mtu anayegonga sahani kwa kijiko akidai chakula.

Mume wangu alikuwa sebuleni. Tangu apatwe na kiharusi alikuwa akishinda pale kwenye kiti chake karibu na dirisha, na mara nyingi nilidhani amelala kumbe yuko macho.

"Mama," akaita. "Zima hiyo."

"Inaosha."

"Haioshi, inagonga. Zima."

Nikazima. Nikamsikia akinyanyuka. Alikuja akiburuta mguu wa kulia, mkono wa kulia ameuning'iniza kama kitu alichopewa amshikie mwenzake, akasimama mbele ya mashine. Nilipotaka kufungua mlango akanizuia. "Subiri. Maji ya moto yatakurukia." Tukasubiri. Ilikuwa muda mrefu sijamwona amesimama mahali akiwa na kazi ya kufanya.

Miaka yake yote ya kazi alikuwa fundi wa injini za treni hapa Itigi. Mimi nilikuwa nauza chakula pale stesheni, wali kwa kuku, na ndiko tulikojuana, yeye akija na ovaroli yenye mafuta, akiomba maji ya kunawa kabla hata hajaagiza. Alikuwa na mikono mikubwa na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kitu kikiharibika nyumbani hakikulala. Pasi, redio, cherehani, bawaba ya mlango, alivitengeneza vyote, na watu wa mtaani walimletea vyao. Kisha asubuhi moja aliamka akashindwa kufunga kifungo cha shati. Hospitali walimshughulikia, akarudi nyumbani akiwa hai, na maneno yake yakarudi polepole. Mkono haukurudi.

Mashine yenyewe tuliipata kwa sababu ya mikono yangu mimi. Miaka ya sabuni na maji ilikuwa imenila ngozi; vidole vilipasuka, vikatoa damu, vikawa havikunjiki. Daktari alisema niache kuosha vyombo. Nilimwambia bado nawapikia chakula cha mchana wafanyakazi wa stesheni, sahani ni nyingi, na wasichana wa kazi wanakuja wanaondoka. Kulikuwa na mgeni mmoja na mkewe waliokuwa wakifanya kazi kule hospitali, ambao nilikuwa nikiwapelekea kuku na asali. Walipokuwa wanafungasha kurudi kwao, yule mama aliniangalia vidole, akasema mashine yao ya kuoshea vyombo haitasafiri, niichukue.

Basi ikawa yetu. Kijana wa mabomba akatuunganishia maji kutoka kwenye tenki, na nikajifunza. Nilijifunza kwamba sufuria za alumini zikiingia mle zinatoka nyeusi, kwamba ukoko wa ugali lazima uubandue kwanza, na kwamba maji yetu yenye chumvi yanaacha ukungu mweupe kwenye glasi. Lakini sahani zilitoka safi, na vidole vyangu vikaanza kuziba.

Sasa siku ile, mvuke ulipopungua, alifungua mlango kwa mkono wa kushoto, akavuta kichanja cha juu. Mashine ya aina ile ina vichanja viwili vya waya, cha juu na cha chini, na chini ya kila kimoja kuna mkono mrefu wenye matundu. Maji yakisukumwa kwenye matundu hayo, mkono unazunguka wenyewe na kurusha maji kwenye vyombo.

"Zungusha huo wa juu kwa kidole," akasema.

Nikauzungusha. Ukaenda nusu duara, ukagota. Upawa wangu mrefu ulikuwa umeteleza kati ya waya, mpini umening'inia chini, na kila mkono ulipopita uliupiga.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Vyombo virefu unavilaza. Na lile sinia usilisimamishe kule chini, litaugusa huohuo mkono kwa upande mwingine."

Akaulaza upawa yeye mwenyewe, akauzungusha mkono tena, ukapita bila kugusa kitu. Akafunga mlango. Akabonyeza kitufe. Tulisimama wote wawili tukisikiliza, na hakukuwa na mlio ila maji. Jioni hiyo alikula chakula chote alichopakuliwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Kuanzia hapo ikawa kazi yake. Hakunikubalia tena nipange vyombo. Watu wakishakula nilimletea sahani mezani, naye alizipanga moja moja kwa mkono wa kushoto, zote zikiangalia upande mmoja, halafu kabla ya kufunga alizungusha mkono wa juu, akazungusha wa chini, akaangalia. Ilimchukua muda mrefu kuliko ningeosha mwenyewe. Sikumharakisha. Binti yetu, anayeishi Dar es Salaam, alipopiga simu na kumuuliza hali, badala ya kujibu "nipo tu" kama siku zote, alimweleza habari za mashine mpaka salio likaisha.

Mlio wa pili ulikuwa tofauti. Huu haukuhesabika, ulikuwa ni mtikisiko, chakachaka ya sahani kwa sahani. Alikuta gurudumu moja dogo la kichanja cha juu limevunjika, kwa hiyo kichanja kimeinama upande mmoja na vyombo vinasukumana maji yakivipiga. Alilifunga kwa waya. Nilimtazama akishika waya kwa meno na kuusokota kwa plaizi kwa mkono wa kushoto. Ulimponyoka mara nyingi. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia kwa kuchambua mchele ambao tayari nilikuwa nimeuchambua.

Alipomaliza akaenda kulala. Nikavuta kichanja, nikaona waya haukukaza. Ungefunguka kwenye mzunguko wa kwanza. Nikachukua plaizi, nikausokota mpaka ukakaza, nikarudisha plaizi palepale alipokuwa ameiacha, mdomo ukiangalia ukutani.

Hivyo ndivyo nilivyoanza, na sikuona ni jambo la kufikiria sana. Alikuwa anafunga, mimi nakaza. Chini kabisa ya mashine kuna chujio, kitu kama kikombe cha matundu, kinachozuia mabaki yasiingie kwenye pampu. Kila baada ya siku chache alilitoa, nikalisuuza, akalirudisha. Ili lishike ni lazima ulisukume chini na kulizungusha mpaka ulisikie limeingia mahali pake. Ni kazi inayotaka kiganja chenye nguvu. Mkono wake wa kushoto haukuwa na nguvu hiyo. Aliligeuza, likafika njiani, akadhani limefika. Mimi nilingoja atoke jikoni, nikainama, nikalimalizia. Hakuna siku aliyogeuka kuniangalia.

Mlio wa tatu ndio uliotumaliza. Ulitoka kwenye mkono wa chini. Ulikuwa unazunguka ukiyumba, ncha moja inapanda nyingine inashuka, na ile inayopanda ilikwaruza waya za kichanja. Tulihamisha vyombo vyote, tukaiendesha mashine tupu, mkono ukagonga vilevile. Alikaa chini sakafuni, jambo lililotaka nimshike kwapani, akauchomoa ule mkono na kulitazama tundu la katikati linalokaa juu ya kigingi.

"Limelika," akasema. "Limekuwa pana. Maji haya yana chumvi, na pengine ni uzee tu."

"Tununue mwingine."

"Wapi?"

Itigi unapata vipuri vya pikipiki na vya baiskeli, na ukimpata mtu anayekwenda Singida mjini utaagiza cha friji. Cha mashine hii hakuna aliyewahi kukiulizia.

"Nitautia bushi," akasema.

Kwenye sanduku lake la vyuma kulikuwa na kipande cha nailoni ngumu alichokihifadhi tangu kazini. Alikikata kwa msumeno akiwa amekibana kwa magoti. Kisha akakitengeneza kwa tupa, nje, chini ya kivuli cha ukuta, siku baada ya siku. Alitaka kupata pete ndogo ya kujaza lile pengo lililolika. Zamani angeifanya kwa mashine ya karakana huku akizungumza na mtu. Sasa tupa iliteleza, ikamkata kidole gumba, akanifuata nimfunge kitambaa, akarudi. Jirani alipita akamsalimia, "Mzee, unachonga nini?" Akamwonyesha, akamweleza kwa utaratibu, neno kwa neno, na yule jirani alisimama akasikiliza mpaka mwisho.

Bushi ikaingia. Mkono wa chini ukazunguka sawa, hauyumbi. Tuliendesha mashine ikiwa imejaa, na jikoni kukawa kimya kiasi cha kusikia kuku nje. Aliniangalia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifuta uso kwa kanga.

Ilidumu siku chache. Kisha sahani za kichanja cha chini zikaanza kutoka na mafuta. Mkono ulikuwa haugeuki tena. Nailoni ilikuwa imekunywa maji ya moto ikavimba, ikaubana. Aliitoa akaikwangua ndani kwa msasa. Ikawa pana, ikagonga. Akaanza nyingine. Ile ya pili ilikuwa nyembamba upande mmoja, naye aliliona hilo, akasema itashika tu. Huko nyuma hakuwahi kusema maneno hayo kuhusu kitu alichokitengeneza.

Wakati huo shangazi yangu akafariki Manyoni. Nikasafiri kwenda msibani. Jirani aliahidi kumpelekea chakula, na mimi nilimwambia mume wangu aache vyombo, nitaviosha nikirudi. Akaitika.

Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye stuli ya jikoni mbele ya mashine, shati limelowa kifuani. Sakafu ilikuwa na maji. Sahani zilikuwa zimepangwa mezani, bado chafu.

"Nilitaka ukute pasafi," akasema.

"Imefanyaje?"

"Washa usikie."

Nikawasha. Haikuwa kugonga tena. Ulikuwa ni mngurumo kutoka chini kabisa, wa kitu kinachosagwa, na juu yake kelele nyembamba ya chuma iliyonifanya nikunje uso. Nikazima kabla hajaniambia.

"Ni pampu," akasema. "Beringi imekwenda, au kuna kitu kimeingia."

Nilijua palepale. Sikuinama kuangalia chujio kwa kuwa nilijua nitakachokikuta.

Tulimwita fundi wa mafriji kutoka Singida mjini. Alikuja kwa basi, mtu wa makamo, mpole, begi la spana begani. Alimwamkia mume wangu, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, akaniamkia na mimi, akaomba kitambaa cha kufutia mikono. Mume wangu akavuta kiti karibu. Walizungumza vizuri wawili hao. Fundi aliuliza mlio ulivyoanza, naye akamweleza wa kwanza, wa pili, wa tatu, na fundi akaitoa ile bushi akaigeuza mwangani.

"Hii umeichonga mwenyewe, mzee?"

"Kwa mkono mmoja."

"Mimi nisingeiweza," akasema fundi, na nadhani alisema kweli.

Akailaza mashine kwa mgongo, akafungua bati la chini, akaitoa pampu. Akachokonoa ndani kwa bisibisi nyembamba na kuweka alichokipata kwenye kitambaa: kibanzi cha mfupa wa kuku, na kipande cha nailoni, ukingo uliovunjika wa bushi. Feni ndogo ya ndani, ile inayosukuma maji, ilikuwa imepoteza mabawa mawili. Akaushika mhimili wake kwa vidole akautikisa. Ulicheza huku na huku.

"Feni ilivunjika, ikawa inazunguka bila uwiano, ikaila beringi," akasema. "Na hii pampu imefungwa kiwandani, mzee, haifunguliwi ukatia beringi. Inanunuliwa nzima."

"Vitu hivi vilipitaje?" mume wangu akauliza. "Si kuna chujio?"

Fundi alikuwa akifuta mikono. Alijibu bila kufikiria, kama fundi anavyomjibu fundi mwenzake.

"Chujio lilikuwa halijafungwa. Nimelikuta limekaa juu tu."

Nikasema, "Ni mimi. Nililisafisha kabla ya kwenda msibani, nikasahau kulikaza."

Nilisema haraka mno. Mume wangu alinigeukia.

"Mama, usinisemee. Nililitoa mimi juzi. Nikalirudisha mimi." Akautazama mkono wake wa kushoto. "Na ninavyolirudisha ni vilevile siku zote. Mbona siku zote limeshika?"

Fundi akainama akaanza kukusanya spana zake zote, hata ambazo hakuwa amezitumia. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni mikononi.

"Ulikuwa unakaza nyuma yangu," akasema.

Nikaliweka beseni chini.

"Tangu lini?"

"Tangu ule waya wa gurudumu."

Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayekubali hesabu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika, tungegombana, na baada ya kugombana tungejua la kufanya. Akamgeukia fundi akamuuliza barabara ya kuja huku ikoje siku hizi, na fundi akamjibu kwa kirefu, kwa shukrani.

Fundi aliahidi kuulizia pampu. Aliulizia kweli, alipiga simu baadaye akasema mashine ni ya zamani, aina ile hailetwi tena, Dar es Salaam wamemwambia hawana na hawatarajii kuwa nayo. Nilikuwa nimewasha spika. Mume wangu alikuwa amekaa palepale. Nilipokata simu akasema, "Sawa," kisha akaomba chai.

Nilijaribu. Nilimwambia nisingekaza nyuma yake kama ningeona hafanyi kitu. Nilimwambia kazi ilikuwa yake, mimi nilimalizia tu mzunguko wa mwisho. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama, mzunguko wa mwisho ndio kazi," akasema. "Vingine ni kugusagusa."

Sikuweza kulipinga hilo, kwa sababu ni yeye aliyelijua, si mimi.

Wiki hiyohiyo alimpigia fundi wa Singida akamwambia aje achukue sanduku la vyuma. Sikuwa nimeshauriwa. Fundi alipokuja aliniangalia kwanza, nikaangalia pembeni. Alipewa tupa zote, msumeno, plaizi, spana za kazini zenye namba zilizofutika, na vipande vya nailoni vilivyobaki. Alishukuru kwa heshima, akalibeba sanduku kwa mikono miwili mpaka kituo cha basi. Mume wangu alimsindikiza hadi mlangoni tu.

Binti yetu alisema atatafuta mashine nyingine, hata iliyotumika. Baba yake akachukua simu akamwambia asihangaike. Baadaye nilimpigia kwa siri nikamwambia aendelee kutafuta. Anasema anatafuta. Ana watoto wake, na ada zao.

Kwa sasa mashine imebaki jikoni kwa kuwa hakuna wa kuibeba. Nimeitia sahani kavu, imekuwa kabati. Naosha kwa beseni, na glovu za mpira zikitoboka naosha bila glovu. Vidole vimefunguka tena, kidole cha kati kimechanika mpaka kwenye nyama, na mchana nikiwapakulia watu wa stesheni nashika mwiko kwa viganja. Wateja wamepungua. Pengine wameona vidole, pengine ni mambo yao mengine.

Mume wangu hashindi tena sebuleni. Asubuhi ananiomba nimtolee kiti uani, anakaa hapo akiangalia ukuta. Redio ilipoanza kukatika sauti aliizima tu. Bomba la uani nalo limelegea, linadondosha maji usiku na mchana, na maji yanatambaa kwenye sakafu ya saruji mpaka alipo. Ni kulikaza kidogo tu kwa spana, ila hatuna spana, na mkono wangu hauwezi kubana. Jana nilipokuwa nasuuza sahani nilimwona akiyatazama yale maji yanavyomkaribia miguuni. Nikaacha kusuuza, nikasubiri. Akanyanyuka, akashika kiti kwa mkono wa kushoto, akakivuta nyuma kidogo, akakaa.